Sade Sati: Kuisoma Miaka Saba na Nusu ya Zohali bila Hofu

Sade sati ni kipindi cha karibu miaka saba na nusu katika unajimu wa Kihindi, ambapo sayari ya Zohali hupita mahali Mwezi wa angani ulipokuwa saa mtu alipozaliwa. Kipindi hicho hakisubiri Zohali ifike pale penyewe. Huanza inapoingia katika buruji inayotangulia buruji ya Mwezi, huendelea ikiwa ndani ya buruji ya Mwezi, na humalizika inapotoka katika buruji inayofuata. Zohali huchukua karibu miaka 29 na nusu kulizunguka Jua, na njia yake angani imegawanywa katika buruji 12, kwa hiyo hukaa karibu miaka miwili na nusu katika kila moja. Buruji tatu zikijumlishwa hutoa saba na nusu, na ndiyo maana ya jina lenyewe kwa Kihindi. Wagujarati, wakiwemo wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, huiita pia panoti.

Katika nyumba nyingi za Wahindu, kusikia kwamba kijana ameingia sade sati kunatosha kuahirisha harusi, kusimamisha mpango wa biashara, au kumfanya mama aanze kufunga kila Jumamosi. Jumamosi ni siku ya Zohali, ambayo Wahindu huiita Shani, na wasomaji wa pwani wanaoijua falaki watakumbuka kwamba hata huko siku hiyo ni ya Zohali. Hofu hii ni ya zamani. Hata hivyo, sehemu yake kubwa hutokana na kuutazama mwendo wa sayari moja kana kwamba ramani nzima ya kuzaliwa haipo. Mnajimu wa Kihindi aliyefundishwa vizuri hafanyi hivyo, na mtu wa kawaida anaweza kujifunza kutofanya hivyo pia.

Jambo la kwanza ni kujua Mwezi ulikuwa buruji gani, na hapa ndipo wengi hupotea. Nyota zinazotajwa magazetini hufuata Jua: aliyezaliwa mwishoni mwa Machi huambiwa ni Kondoo, au Punda kama wengine wanavyoiita, bila kuulizwa saa wala mahali. Sade sati haina uhusiano na nyota hiyo. Mwezi huzunguka buruji zote 12 kwa siku 27 na theluthi hivi, kwa hiyo hubadilisha buruji kila baada ya siku mbili na robo. Watu wawili waliozaliwa wiki moja, wenye nyota moja ya gazetini, wanaweza kuwa na buruji za Mwezi tofauti kabisa.

Tena unajimu wa Kihindi hupima buruji kwa kufuata nyota zenyewe za mbinguni, wakati ule wa Magharibi huzipima kuanzia mahali Jua linapokuwa siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana. Vipimo hivyo viwili vimeachana polepole kwa karne nyingi, na sasa tofauti yake ni nyuzi 24 na kitu, karibu buruji nzima. Serikali ya India iliunda kamati ya kurekebisha kalenda chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, na ripoti yake ya mwaka 1955 ndiyo iliyosimamisha kipimo kinachotumiwa na wengi leo, kile kinachojulikana kwa jina la Lahiri. Mtu aliyezoea kuambiwa na programu ya Magharibi kwamba Mwezi wake uko Samaki anaweza kukuta kwamba kwa hesabu ya Kihindi uko Ndoo. Akitafuta tarehe za sade sati kwa jibu la kwanza, atahangaika kwa miaka ambayo si yake.

Kosa lingine ni letu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Programu za kuchora ramani ya kuzaliwa huuliza saa kwa hesabu inayoanzia usiku wa manane. Mama akisema mtoto alizaliwa saa tatu usiku, anayejaza anatakiwa kuandika 21:00. Akiandika 3:00, ameisogeza saa ya kuzaliwa kwa muda wa saa 18, na Mwezi kwa muda huo huenda karibu nyuzi 10, yaani theluthi ya buruji. Kama Mwezi ulikuwa karibu na mpaka, buruji yote imebadilika. Kwa hiyo mtu asiyejua saa yake ya kuzaliwa, na ambaye Mwezi ulivuka mpaka siku aliyozaliwa, hana msingi wa kusema yumo au hayumo katika sade sati.

Buruji ikishajulikana, tarehe ni suala la hesabu za anga tu. Chukua mtu ambaye Mwezi wake uko Ndoo. Buruji inayotangulia Ndoo ni Mbuzi, na inayofuata ni Samaki. Zohali iliingia Mbuzi tarehe 24 Januari 2020, na siku hiyo sade sati yake ikaanza. Tarehe 29 Aprili 2022 ikaingia Ndoo, awamu ya pili. Lakini Zohali, ikitazamwa kutoka duniani, kila mwaka huonekana ikisimama na kurudi nyuma kwa muda wa miezi minne na nusu hivi, kwa sababu Dunia yenye mwendo wa kasi huipita ndani ya njia zao. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 12 Julai 2022, iliporudi Mbuzi na kukaa huko hadi 17 Januari 2023, ndipo ikaingia Ndoo moja kwa moja. Tarehe 29 Machi 2025 ikahamia Samaki, na awamu ya tatu ikaanza. Itatoka Samaki tarehe 3 Juni 2027, itarudi tena tarehe 20 Oktoba mwaka huo huo, na itatoka kabisa tarehe 23 Februari 2028.

Ukizihesabu siku hizo, kutoka mwanzo hadi mwisho kabisa ni zaidi ya miaka minane, na ndani yake mna miezi minne na nusu ya mwaka 2027 ambayo mtu huyu atakuwa nje. Miaka saba na nusu ni wastani. Anayeambiwa tarehe moja ya kuanza na moja ya kumaliza, bila neno juu ya kurudi nyuma, amepewa hesabu ya juu juu.

Wapo wanaopima kwa karibu zaidi. Badala ya mipaka ya buruji, huangalia umbali wa Zohali kutoka nyuzi yenyewe ya Mwezi, na huanza kuhesabu ikiwa nyuzi 45 kabla yake na kumaliza ikiwa 45 baada yake. Tuseme Mwezi wa mtu wetu uko nyuzi ya 10 ya Ndoo. Zohali iliipita nyuzi hiyo mnamo Aprili 2023, ikairudia ikienda nyuma mwezi Agosti, kisha ikaipita mara ya tatu Januari 2024. Kwa wanajimu wengi, miezi hiyo tisa ndiyo kiini cha jambo lote, na miaka iliyobaki ni kukaribia na kuachana. Mwenye Mwezi mwishoni mwa Ndoo, nyuzi ya 28 kwa mfano, hakuguswa hivyo mwaka 2023. Zamu yake ilikuja mwanzoni mwa 2025, Zohali ilipokuwa ikijiandaa kuingia Samaki. Wote wawili wangeambiwa kirahisi kwamba wako katika awamu ya pili.

Sababu ya hofu iko katika tabia wanazopewa sayari hizi mbili. Mwezi ni akili, hisia, mama na raha ya nyumbani. Zohali ni uzee, kazi ngumu, uchelewaji, upweke, wajibu na haki inayolipwa polepole. Sayari nzito ikikaa juu ya ile laini, watu wa jadi hutarajia moyo kulemewa. Awamu ya kwanza iko katika nyumba ya 12 kutoka Mwezi, na hiyo ni nyumba ya matumizi, usingizi, hospitali na nchi za mbali, kwa hiyo husomwa kama gharama, kukosa usingizi au kuhama. Ya pili huangukia nafsi yenyewe: afya, heshima, uchovu wa akili. Ya tatu iko katika nyumba ya pili, ya fedha, chakula, maneno na familia, na hutajwa kwa migogoro ya mali na maneno makali. Waswahili wangeweza kuyaona hayo yote katika miaka yoyote minane ya mtu mzima, na hilo ni neno la kukumbuka tutakapofika kwenye hesabu.

Lakini vitabu vya kale havikuitenga sade sati kama janga la peke yake. Phaladipika, kitabu cha Kisanskriti cha Mantreshwara, hutoa matokeo ya kila sayari inapopita katika nyumba zote 12 kuanzia Mwezi. Kwa Zohali, nyumba njema ni tatu tu: ya 3, ya 6 na ya 11. Tisa zilizobaki zote huhesabiwa kuwa na ugumu wa namna fulani. Kwa maneno mengine, anayefuata orodha hiyo neno kwa neno atamwona kila binadamu akiwa chini ya Zohali mbaya kwa robo tatu za maisha yake. Hakuna mnajimu aliyewahi kuisoma hivyo kwa dhati, kwa sababu orodha hiyo haikukusudiwa kusimama peke yake. Ni kipande kimoja cha hesabu, na vipande vingine ndivyo vinavyoamua uzito wake.

Kipande kikubwa kuliko vyote ni dasha. Unajimu wa Kihindi hugawa maisha katika zamu za sayari tisa, zinazojumlishwa kuwa miaka 120, na kila zamu ina urefu wake: Zohali 19, Mshtarii 16, Zuhura 20, Jua 6, na kadhalika. Zamu ya kwanza, pamoja na sehemu yake iliyobaki, hutegemea nyuzi kamili ya Mwezi. Kanuni inayofundishwa ni kwamba dasha ndiyo inayobeba ahadi ya ramani, na upitaji wa sayari, sade sati ikiwemo, huonyesha tu ahadi hiyo inapokomaa. Upitaji usioungwa mkono na dasha huleta kidogo.

Mfano ule ule unaweza kulionyesha hili. Mwezi katika nyuzi ya 10 ya Ndoo humfanya mtu aanze maisha katika zamu ya Rahu, mahali ambapo njia ya Mwezi hukata njia ya Jua ikipanda kaskazini. Zamu hiyo ni ya miaka 18, na kwa nyuzi hiyo robo yake imeshapita, kwa hiyo hubaki miaka 13 na nusu. Baada yake huja Mshtarii kwa miaka 16, kisha Zohali kwa miaka 19. Sasa wachukuliwe watu wawili wenye Mwezi mahali hapo hapo, mmoja wa 1985 na mwingine wa 2001. Wa kwanza alimaliza zamu ya Mshtarii akiwa na umri wa karibu miaka 29 na nusu, yaani mwaka 2014 au 2015, na ataishi zamu ya Zohali hadi 2033 au 2034. Sade sati yake yote ya 2020 hadi 2028 imeangukia ndani ya zamu ya Zohali yenyewe, na mnajimu angeitazama kwa makini: kazi, majukumu, wazazi wanaozeeka, mambo ya kudumu yanayojengwa au kuvunjwa. Wa pili aliingia zamu ya Mshtarii karibu mwaka 2014 na atakaa humo hadi 2030. Kwake Zohali inapita Mwezi huku sayari ya elimu na msaada wa wakubwa ikiwa ndiyo yenye zamu. Sade sati ni moja, tarehe ni zile zile, na hata hivyo kwa kanuni za fani hiyo hiyo watu hawa wawili hawasomwi sawa.

Kipande kingine ni cheo cha Zohali katika ramani ya kuzaliwa. Zohali ni mwenyeji wa Mbuzi na Ndoo, na iko katika heshima yake ya juu ikiwa Mizani. Ikiwa Kondoo huhesabiwa kuwa imeshuka. Kwa sababu hiyo mtu wa Mwezi wa Ndoo, katika mfano wetu, alipitiwa na Zohali ikiwa nyumbani kwake kwa awamu mbili za kwanza, na wanajimu wengi hulihesabu hilo kuwa jepesi kuliko la mwenye Mwezi wa Kondoo. Pia huangaliwa buruji iliyokuwa ikichomoza mashariki saa ya kuzaliwa. Kwa waliozaliwa Ng'ombe au Mizani ikichomoza, Zohali hutawala nyumba mbili muhimu zenye kheri, na huitwa mleta neema. Kumtisha mtu wa namna hiyo kwa jina la Zohali ni kupingana na kitabu chenyewe.

Kipo pia kipimo cha nukta, kinachoitwa ashtakavarga, ambacho hupuuzwa ingawa kompyuta yoyote hukitoa papo hapo. Zohali hupewa kati ya nukta 0 na 8 katika kila buruji, kulingana na mahali sayari nyingine zilipokuwa, na jumla yake katika buruji zote ni 39 siku zote. Wastani basi ni tatu na robo. Buruji yenye nukta 4 au 5 inampokea Zohali vizuri. Yenye 1 au 2 inampokea vibaya. Mtu anaweza kuwa na 5 Mbuzi, 4 Ndoo na 1 Samaki. Kwake awamu mbili za kwanza ni za kawaida au hata za kujenga, na tahadhari yote iwekwe kwenye awamu ya tatu. Hii ni taarifa yenye manufaa zaidi kuliko tangazo la jumla la miaka saba na nusu ya mateso.

Maisha ya Indira Gandhi hutajwa mara nyingi na wanajimu wa India, na yanafaa kutazamwa kwa sababu matukio yake yanajulikana kwa tarehe. Alizaliwa Allahabad tarehe 19 Novemba 1917 usiku, na Mwezi wake ulikuwa Mbuzi. Zohali iliingia Mshale mwaka 1958 na ikatoka Ndoo mwaka 1966, kwa hiyo hiyo ndiyo sade sati yake ya utu uzima. Mwanzoni kabisa, Februari 1959, akawa rais wa chama cha Congress. Septemba 1960 mumewe, Feroze Gandhi, akafariki kwa ugonjwa wa moyo. Awamu ya pili, inayoogopwa zaidi, ilianza 1961 na kuisha mwanzoni mwa 1964. Ndani yake mna vita vya India na China vya 1962 vilivyomdhoofisha baba yake, Jawaharlal Nehru. Nehru akafa tarehe 27 Mei 1964, katika awamu ya tatu. Mwaka huo huo Indira akaingia serikalini kama waziri wa habari na utangazaji. Lal Bahadur Shastri alipofariki ghafla Tashkent tarehe 11 Januari 1966, akachaguliwa kumrithi, na akaapishwa kuwa waziri mkuu tarehe 24 Januari, sade sati ikielekea ukingoni.

Anayetaka kuthibitisha kwamba sade sati huumiza atachukua vifo viwili. Anayetaka kuthibitisha kwamba hupandisha cheo atachukua uongozi wa chama, uwaziri na uwaziri mkuu. Vyote viko kwenye miaka minane hiyo hiyo. Ukiendelea mbele mambo yanakuwa magumu zaidi kwa wanaopenda kanuni rahisi. Kushindwa kwake vibaya katika uchaguzi wa Machi 1977 kulitokea Zohali ikiwa Kaa, nyumba ya saba kutoka Mwezi wake, nje ya sade sati. Alipouawa tarehe 31 Oktoba 1984, Zohali ilikuwa Mizani, mahali pa heshima yake ya juu. Kifo cha mwanawe Sanjay katika ajali ya ndege, Juni 1980, kilitokea Zohali ikiwa Simba, nyumba ya nane kutoka Mwezi, na hapo wanajimu wataeleza kwamba nyumba ya nne na ya nane zina kipindi chao kifupi cha miaka miwili na nusu, kiitwacho dhaiya. Kwa kitabu hilo ni sahihi. Lakini msomaji atambue kinachotendeka: kila jambo zito likishatokea, hutafutwa Zohali alikuwa wapi, na kwa kuwa nyumba zinazohesabiwa kuwa nzito ni nyingi, kwa kawaida hupatikana pa kumtilia lawama.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Wakati wowote ule, buruji tatu kati ya 12 zimo katika sade sati, yaani robo ya watu wote duniani. Tangu Machi 2025 ni wenye Mwezi wa Ndoo, Samaki na Kondoo. Ukiongeza dhaiya, ambayo sasa iko kwa wenye Mwezi wa Simba na Mshale, unapata buruji tano kati ya 12. Mtu anayefika umri wa miaka 80 atakuwa amekaa katika sade sati karibu miaka 20 ya maisha yake, kwa vipande viwili au vitatu, bila kujali ni tajiri au maskini, mwenye afya au mgonjwa. Kati ya misiba minne atakayoiona, mmoja utaangukia ndani ya sade sati hata kama Zohali haina kazi yoyote na maisha yake. Kwa hiyo msiba mmoja ulioangukia humo si ushahidi, na hata miwili inaweza kutokea kwa bahati tu.

Uthibitisho wa kisayansi kwamba sayari hii huathiri maisha ya mtu haupo. Mwanaanga Jayant Narlikar na wenzake walifanya jaribio huko Maharashtra, wakawapa wanajimu ramani za watoto, baadhi wenye akili nyingi shuleni na wengine wenye ulemavu wa akili, ili wawatenganishe kwa kutazama ramani tu. Wanajimu 27 walirudisha majibu, kila mmoja kwa ramani 40, na wastani wa majibu sahihi ulikuwa asilimia 46, chini kidogo ya yule anayerusha sarafu. Jaribio hilo halikuhusu sade sati, lakini linagusa msingi wake. Anayeifuata fani hii kama sehemu ya imani na utamaduni wake anaweza kuendelea nayo akijua mpaka huo.

Hata ndani ya fani yenyewe makubaliano si kamili. Hekalu la Tirunallar, karibu na Karaikal kusini mwa India, ni moja ya mahekalu mashuhuri ya Shani, na umati mkubwa hukusanyika huko kila Zohali inapobadilisha buruji. Hekalu hilo hufuata kalenda ya jadi iliyojengwa juu ya jedwali za zamani, na kwa kalenda hiyo Zohali iliingia Ndoo tarehe 20 Desemba 2023. Kwa kalenda za hesabu za kisasa ilikuwa imeshaingia tangu 17 Januari mwaka huo. Ni tofauti ya miezi 11, juu ya sayari moja ambayo mtu anaweza kuiona kwa macho usiku. Pale kalenda mbili za wachaji zinapoachana karibu mwaka mzima, kuahirisha upasuaji au kukataa ajira kwa sababu ya tarehe fulani ya sade sati hakuna msingi hata kwa anayeamini.

Hofu hiyo ina soko lake. Dawa za jadi za Shani ni za gharama ndogo: kuwasha taa ya mafuta ya ufuta au haradali Jumamosi, kutoa sadaka ya ufuta mweusi au nguo, kuwalisha maskini na wazee, kusoma sala za Hanumani. Katika kijiji cha Shani Shingnapur, Maharashtra, ambako nyumba kwa jadi hazina milango kwa kuamini ulinzi wa Shani, waumini humiminia mafuta jiwe jeusi lililosimama mahali pa wazi. Hakuna katika hayo kinachomfilisi mtu. Kinachofilisi ni jiwe la yakuti la buluu linalouzwa kwa haraka kama kinga, au ibada ya bei kubwa inayotakiwa kulipwa kabla ya tarehe fulani. Hata kwa kanuni za wanajimu, yakuti ya buluu huongeza nguvu za Zohali, kwa hiyo kumvisha mtu ambaye Zohali ni mbaya katika ramani yake ni kuzidisha kile anachokikimbia. Wanajimu waangalifu hulijua hilo na wengi wao hawaigusi.

Mnajimu wa kutiliwa shaka hutambulika mapema. Hutangaza sade sati bila kuuliza saa na mahali pa kuzaliwa. Haitaji dasha iliyopo wala nukta za buruji. Hutaja kifo cha mtu fulani wa familia, na dawa yake ina bei. Yule anayefaa kusikilizwa huanza kwa kuthibitisha Mwezi, hutaja tarehe zote pamoja na za kurudi nyuma, hueleza ni awamu ipi inayostahili uangalifu na kwa nini, na akizungumzia afya humtuma mtu kwa daktari.

Njia bora ya kuisoma sade sati ya mtu ni kuanza na ile iliyopita. Mwenye Mwezi wa Ndoo aliyezaliwa 1985 alikuwa ndani yake tangu 1990 hadi 1998, akiwa mtoto. Aandike matukio makubwa ya miaka hiyo kama familia inavyoyakumbuka: kuhama, kuanza shule, ugonjwa, ndugu kuzaliwa, baba kupata au kupoteza kazi. Kando yake aandike matukio ya miaka 1998 hadi 2020, ambapo Zohali ilikuwa nje ya buruji zake tatu. Ayaandike kabla ya kuangalia tarehe za awamu, la sivyo kumbukumbu itajipanga yenyewe kufuata kanuni. Wengi wakifanya hivyo hukuta mazito yametawanyika pande zote mbili, na wachache hukuta yamejikusanya upande mmoja. Kinachoonekana katika orodha hiyo kina haki zaidi ya kuongoza matarajio ya awamu ya tatu, inayoisha Februari 2028, kuliko maneno ya jumla ya kitabu chochote. Baada ya hapo Zohali itakuwa Kondoo, nyumba ya tatu kutoka Mwezi wake, moja ya zile tatu ambazo Phaladipika inazitaja kuwa njema, na haitarudi Mbuzi hadi karibu mwaka 2049.